Daktari wa Amin Ambaye Hakuwahi Kuwepo

Mwezi uliopita, kwenye chemsha bongo yetu ya Ijumaa pale Kirumba, nilisoma swali nililoliandika mwenyewe: "Daktari wa Idi Amin aliyetoka Uskoti aliitwa nani?" Meza ya wanafunzi wa chuo haikusubiri hata sekunde tano. Nicholas Garrigan! Nikaangalia kadi yangu ya majibu, nikawapa pointi mbili. Ndipo mzee mmoja wa meza ya nyuma, aliyepigana vita vya Kagera, akanyoosha mkono.

"Mwanangu, huyo daktari alizikwa wapi?"

"Sijui, mzee wangu."

"Alifika Uganda mwaka gani? Alifanya kazi hospitali ipi? Mimi nimefika Kampala mwaka 1979 na bunduki begani. Jina hilo sijalisikia kwa mtu yeyote kule."

Nilipofika nyumbani nilitafuta, na mzee alikuwa sahihi. Garrigan ni mtu wa kubuni. Jina lake lilianza kwenye riwaya ya Giles Foden iliyotoka mwaka 1998, kisha likaingia kwenye filamu ya 2006 yenye jina lilelile, The Last King of Scotland, ile iliyompa Forest Whitaker tuzo ya Oscar kwa kuigiza nafasi ya Amin. Amin aling'olewa Aprili 1979. Kwa hiyo kati ya kuanguka kwake na Garrigan kuonekana kwenye karatasi kuna karibu miaka 20. Hicho ndicho kipimo ninachoanza nacho siku hizi: natafuta jina lilionekana lini kwa mara ya kwanza. Mtu aliyeishi ikulu ya rais aliyeandikwa na magazeti ya dunia nzima angeacha alama mahali fulani kabla ya mwandishi wa riwaya kukaa mezani.

Siwalaumu vijana wale. Filamu yenyewe ilipigwa Uganda kwa sehemu kubwa, na mwishoni unaonyeshwa picha za Amin mwenyewe, yule wa kweli. Amin alikuwepo, Entebbe ipo, mke wake Kay alikuwepo. Garrigan anakaa katikati yao, na ukweli wa jirani zake unamwambukiza.

Lakini kwa nini wamtunge? Nimelifikiria sana hili, na naona sababu ni ya kazi kabisa. Mtengeneza filamu ana kama saa mbili. Anahitaji macho ya mtu mmoja atakayempenda Amin mwanzoni, amwogope baadaye, na aweze kuingia ofisini, chumbani, hospitalini na uwanja wa ndege bila mtu kumuuliza anatafuta nini. Katika historia hakuna aliyekuwa kila mahali. Alikuwepo Bob Astles, Mwingereza aliyekuwa karibu na Amin, na Foden alichota kwake baadhi ya mambo ya Garrigan. Walikuwepo mawaziri, walikuwepo madaktari wa Uganda, kila mmoja ameona kipande chake. Filamu inavikusanya vipande hivyo na kumbebesha kijana mmoja. Kwa msanii hilo ni halali, mradi asiseme kwamba ni taarifa ya habari.

Palipoharibika zaidi kwa sisi tunaotunga maswali ni kwa Kay. Kwenye filamu Kay analala na Garrigan, anapata mimba, Amin anagundua, na mwili wake unaonekana hospitalini umekatwakatwa, viungo vimeshonwa pasipo pake. Baada ya hapo hadithi inakimbilia uwanja wa ndege wa Entebbe, walikoshikiliwa mateka wa ndege ya Air France iliyotekwa. Mtazamaji anaondoka akijua kwamba Amin alimkata mkewe vipande kwa wivu, siku chache kabla ya utekaji wa ndege.

Sasa weka tarehe pembeni ya kila tukio, ndivyo nilivyofanya kwenye daftari langu. Amin alitangaza kumwacha Kay Machi 1974, pamoja na wake wengine wawili. Kay alikufa Agosti 1974, kwa hiyo hakuwa mkewe tena. Ndege ya Air France ilitekwa Juni 27, 1976. Kati ya kifo kile na utekaji ule kuna karibu miaka miwili, ambayo filamu imeifuta ili chozi moja lisukume hofu nyingine.

Na kifo chenyewe? Mwili wa Kay kweli ulikutwa umekatwa, kwenye buti la gari la daktari Mganda, Mbalu-Mukasa, naye daktari huyo alijiua. Henry Kyemba, aliyekuwa waziri wa afya wa Amin na akakimbia nchi mwaka 1977, aliandika kwamba Kay alikufa wakati wa kutolewa mimba, na kwamba daktari yule alikuwa mpenzi wake. Kwa maelezo yake, viungo vilishonwa kurudishwa mahali pake kabla ya mazishi. Huyu ni shahidi aliyekuwa karibu, si hukumu ya mahakama, nami namnukuu hivyo hivyo: "kwa mujibu wa Kyemba". Ukiniuliza nani alimuua Kay Amin, siwezi kukupa neno moja la kuandika kwenye kadi. Basi hilo si swali la chemsha bongo. Swali linaloweza kusimama ni mwaka aliokufa.

Kuna mandhari nyingine huwa nazishika kwa kuuliza tu: nani alitoka hai humo chumbani akasimulia? Garrigan ananing'inizwa kwa kulabu pale uwanja wa ndege, kisha anatoroshwa na kupandishwa ndege pamoja na mateka wanaoachiwa. Kuachiwa kwa mateka ni kweli: kati ya Juni 30 na Julai 1 wengi wa abiria wasio Waisraeli waliruhusiwa kuondoka, na makomando wa Israeli wakavamia usiku wa Julai 3 kuamkia 4. Tukio kubwa limeandikwa na wengi. Kulabu na kutoroka vinamhusu mtu asiyekuwepo, basi navyo havikuwepo.

Ila nisingependa mtu atoke hapa akidhani kila cha ajabu ni cha kubuni. Nilipompigia yule mzee kumshukuru, alinikumbusha la kwetu hapa Mwanza. Machi 29, 1979, ndege ya Libya, waliokuwa wakimsaidia Amin, ilikuja kulipua matangi ya mafuta ya mji huu ikakosa shabaha. Silaha zake zikaangukia Kisiwa cha Saanane, palipokuwa pakifugwa wanyama, zikaua swala. Ukiliona kwenye filamu utasema mwandishi amezidisha. Lakini lina tarehe, lina mahali unapoweza kupanda boti ukafika ndani ya dakika chache, na limeandikwa katika historia za vita vile.

Wale wanafunzi sikuwanyang'anya pointi zao, kwa sababu kosa lilikuwa kwenye swali. Kadi ile nimeichana na kuandika nyingine: "Katika filamu ya 2006 kuhusu Idi Amin, daktari wa kubuni kutoka Uskoti anaitwa nani?" Maneno mawili tu, "wa kubuni", na jibu lao linabaki kuwa sahihi. Ya Saanane nimempa mzee aisome mwenyewe Ijumaa ijayo.