Mchezo wa maji: toa maji kwenye chupa, usiwajazishe watoto chupa

Nafundisha watoto wa awali hapa Tanga, Ngamiani, na kuna kitu kwenye somo la ujazo nimekibadilisha na sirudi nyuma tena. Zamani niliwapa kikombe na chupa tupu, jazeni halafu mhesabu. Sasa shingo ya chupa ni nyembamba, hata ukiweka faneli maji yanamwagika pembeni, na kila tone likimwagika idadi ya vikombe inapanda. Chupa moja hiyohiyo, huyu kaandika 9, yule 13, na wote wamehesabu sawasawa kabisa!

Siku hizi nageuza. Chupa ya maji ya nusu lita naijaza mimi pomoni, na kopo pana la siagi pia, navipanga mezani. Kabla ya kugusa chochote mtoto anaweka tiki kwenye karatasi yake chini ya mchoro wa kile anachodhani kina maji zaidi. Wengi wanatiki chupa, kwa sababu ni ndefu, na umri huo jicho linaangalia urefu tu, upana hawauoni kabisa.

Halafu tunamimina kwenye vikombe vya kahawa, vile vidogo vya barazani, vyote saizi moja, vimepangwa mstari kwenye sinia. Chupa ikatoa 8 na cha tisa kikaishia nusu. Tukapanga mstari wa pili chini yake, kikombe kwa kikombe, kopo likafika 11. Hapo hata asiyejua kuhesabu mpaka kumi anaona mstari upi umezidi, na maji bado yapo mbele yake, hayajapotelea ndani ya chupa. Mtoto mmoja akaniambia, "Mwalimu, kumbe fupi lina tumbo!" Nikamwacha aende akarudie mwenyewe na chupa nyingine.

Karatasi yenyewe iwe na vikombe vilivyochorwa, kumi na mbili kila mstari, mtoto anapaka rangi alivyovipata. Kile cha nusu apake nusu, usimwambie akiache wala akihesabu kizima, maana hapo ndipo unapomuuliza, ni zaidi ya 8 au pungufu ya 8? Je, na 9? Anagundua chupa ni zaidi ya 8 na pungufu ya 9 kwa wakati mmoja. Na chini kabisa sentensi moja ya kumalizia kwa mdomo, mwalimu aiandike: "Kopo lina maji zaidi kuliko chupa." Akisema "zaidi" peke yake namuuliza kuliko nini, kila mara, hata kama kengele imeshalia.

Ile tiki ya mwanzo msimfutie. Mara nyingi anaenda mwenyewe kuichungulia tena, anaangalia chupa, anaangalia mistari ya vikombe, halafu anaomba kopo lingine.