Kuzimua ni kuuahirisha mning'inio

Jumapili iliyopita, kwenye kibanda cha supu pale Mwanga, Kigoma, nilimkuta shemeji yangu kainamia bakuli la supu ya sangala, kichwa mkononi. Alishakunywa lita nzima ya maji na kichwa bado kilikuwa kinagonga. "Sasa mbona maji hayasaidii?" akaniuliza. Swali zuri, maana wengi tunaamini mning'inio wa pombe ni kiu tu.

Kiu ipo kweli. Pombe huizuia homoni inayoziambia figo zibakize maji, ndiyo maana mnywaji haishi kwenda kukojoa. Maji hulainisha ulimi na kuondoa kizunguzungu cha ukavu. Kazi yake inaishia hapo.

Shemeji alikunywa bia tano za nusu lita, za asilimia 5, kuanzia saa moja usiku. Kila chupa ina takriban gramu 20 za kilevi, jumla gramu 100. Ini la mtu mzima huondoa kama gramu 7 hadi 10 kwa saa, na halikimbizwi na kahawa, ndimu wala maji baridi ya kuoga. Kwa gramu 8 kwa saa, kilevi kilimwishia kama saa moja na nusu asubuhi. Mning'inio hukolea hasa wakati huo, kilevi kinapokaribia kwisha mwilini.

Usiku kucha ini lilikuwa linageuza kilevi kuwa asetaldehaidi, sumu kali kuliko pombe yenyewe, kisha asetati isiyodhuru sana. Asetaldehaidi haikai. Asubuhi damu huwa karibu haina, ila majeraha yake yapo. Kinga ya mwili imewaka kama inapigana na ugonjwa, ndiyo maana mning'inio unafanana na homa: viungo vinauma, chakula hakitamaniki. Tumbo limechubuka, usingizi ulikatikakatika. Hayo hayaishi kwa maji.

Mezani palikuwa na anayemshauri azimue. Nakataa kabisa, ingawa najua kwa nini inampa mtu nafuu. Pombe nyingi zina chembe za methanoli, ambayo ini huigeuza kuwa sumu pale tu linapomaliza kilevi cha kawaida. Ukiongeza bia, ini linaiacha methanoli ingoje, na mishipa ya fahamu inatulizwa tena. Jioni foleni ile ile inakurudia, ikiwa na gramu 20 za ziada.

Ibuprofeni hupunguza kichwa, lakini iwe baada ya chakula, kwani hukwaruza tumbo. Panado sipendekezi kwa ini lililotoka kukesha, hasa la anayekunywa kila siku. Supu inarudisha maji na chumvi, chapati inapandisha sukari. Dawa ya kuufuta mning'inio wenyewe haijapatikana.

Kwa aliyekunywa gongo hesabu ni nyingine: akianza kuona ukungu machoni au kupumua kwa kasi, hata kama ni kesho yake, apelekwe hospitali mara moja.

Shemeji alikula chapati mbili, akalala. Saa kumi jioni akaomba chai.