Sabasaba: Tazama Mfuko Kabla ya Unga

Kila maonyesho ya biashara ya Sabasaba yakiisha, nasikia mpango uleule mjini Dar es Salaam: "Naagiza zile mashine za kukatia mboga." Mtu amepita kwenye banda pale viwanja vya Mwalimu Nyerere, Barabara ya Kilwa, akamkuta kijana mwenye maiki anakata karoti na kabichi kwa sekunde chache, watu wamejaa, noti zinatoka. Anarudi nyumbani ameshapiga hesabu ya kontena.

Kwa maoni yangu hilo ndilo wazo bovu kuliko yote utakayoyaokota pale. Bidhaa inayonadiwa kwa maiki tayari ni biashara ya mtu mwingine, na wote waliosimama hapo wameiona kama wewe. Mzigo wako ukifika bandarini, Kariakoo wanaiuza kwa bei ya kutupa.

Mimi huwa nakaa zaidi kwenye mabanda ya wajasiriamali wadogo, yakiwemo wanayokusanyiwa na SIDO, shirika la serikali la viwanda vidogo. Unga wa lishe, asali, viungo vya pilau, karanga za kusaga, sabuni ya maji. Wengi hupita wakijiuliza kama na wao waanze kusaga unga. Swali lenye faida zaidi ni hili: hawa wote wanahangaika kununua nini? Ukiwatazama wenye mabanda kama wateja, maonyesho yanageuka kabisa.

Chukua vifungashio. Shika mfuko wa unga wa lishe, lowesha kidole gumba kidogo, usugue stika. Wino ukihama, hiyo imechapwa kwa printa ya wino ya kawaida. Geuza chupa ya asali kichwa chini uhesabu hadi kumi; nyingi zinavuja kwenye mfuniko, ndiyo maana muuzaji ana kitambaa mkononi muda wote. Ukienda mabanda kadhaa utakuta mfuko ni uleule wa kahawia wenye kidirisha, tofauti ni stika tu. Wauzaji watano wasiojuana wakitumia mfuko mmoja, jua wamekosa chaguo.

Hapo muulize mama mwenye banda, asubuhi ya siku ya kazi kabla watu hawajajaa (tarehe 7 Julai yenyewe usimsumbue mtu): "Dada, mifuko hii unaitoa wapi, na kwa nini hujachapisha jina lako moja kwa moja?" Jibu ni lilelile karibu kila banda. Kiwanda kinataka oda ya maelfu ya mifuko ya saizi moja, na yeye anauza mia mbili kwa mwezi. Hilo ndilo pengo lenyewe: mtu wa kununua mifuko mitupu kwa jumla, kuigawa kwa mafungu ya hamsini au mia, na kuweka lebo isiyotoka kwa maji.

Tuipigie hesabu ya mfano. Tuseme mfuko mtupu unakufikia kwa shilingi 250 na unauza 400. Faida ya 150 inapendeza, lakini huwezi kuweka saizi moja. Kuna nusu kilo, kilo, kilo mbili. Yenye zipu na isiyo na zipu. Ukinunua elfu tatu za kila aina kati ya hizo sita, umefungia shilingi milioni 4.5 stoo, na saizi mbili hazitoki. Biashara hii haifi kwa kukosa wateja, inafia kwenye saizi zilizolala. Kwa hiyo ukiwa uwanjani andika uzito unaoonekana kwenye mabanda mengi, uanze na huo mmoja. Na kumbuka sheria: tangu Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania, vifungashio vya kiwandani vya chakula havimo kwenye marufuku hiyo, ila usije ukachanganya hivyo viwili wakati wa kununua.

Mchana geukia wageni. Simama pembeni ya banda, usinunue, sikiliza. "Hongera, bidhaa nzuri" haina uzito wowote, wala "nitapitia nikirudi". Swali lenye pesa ndani yake linasikika hivi: "Nikiwa Mbeya naipataje?" au "Una ndogo ya kupeleka dukani kwangu?" Mwenye banda akibaki kutoa namba ya simu tu, kuna kazi ya usambazaji hapo haijashikwa.

Lakini Sabasaba inadanganya kwa jambo moja. Imekusanya uwanjani wazalishaji waliotawanyika nchi nzima, na baadhi wanazalisha kwa ajili ya maonyesho tu. Chukua namba zao, kisha Septemba piga simu uagize pakiti kumi. Atakayekuambia "ngoja kwanza nisage" mtoe kwenye hesabu ya mifuko. Wakibaki theluthi moja ya orodha, nunua mzigo wa hiyo theluthi.