Axanar: uaminifu wa mashabiki ulipowaponza

Mwaka 2014 ilitoka filamu fupi ya dakika 21 iitwayo Prelude to Axanar. Maofisa wanaketi mbele ya kamera, mmoja baada ya mwingine, wakisimulia vita vya zamani kati ya Shirikisho la Sayari na Waklingoni. Sare zimeshonwa kwa ustadi, mwanga umepangwa vizuri, na meli za angani zinapigana kwa namna ambayo ungedhani studio kubwa ndiyo iliyomwaga pesa. Balozi Soval anaigizwa na Gary Graham, yuleyule aliyemuigiza kwenye mfululizo rasmi wa televisheni. Hata hivyo hii ilikuwa kazi ya mashabiki wa Star Trek, tamthilia ya Marekani kuhusu safari za angani, na waliochanga gharama zake mtandaoni ni mashabiki wenzao.

Watu waliipenda, wakaendelea kuchanga ili itengenezwe filamu ndefu, na jumla ya michango ikavuka dola milioni 1. Mwishoni mwa Desemba 2015 Paramount na CBS, wenye hakimiliki, wakafungua kesi katika mahakama ya shirikisho huko California.

Nimeifuatilia kesi hii kwa muda mrefu kwa sababu kila upande una jambo la kweli la kusema, na ukweli wa mmoja haufuti wa mwenzake.

Nianze na mashabiki. Vijarida vyao vya hadithi walizojitungia vilianza kutoka mwaka 1967, tamthilia ikiwa bado hewani. Msimu wa 1967 na 1968, uvumi ulipoenea kwamba itafutwa, waliandika barua kwa wingi kwenda kituo cha televisheni cha NBC, na msimu wa tatu ukapatikana. Ni katika msimu huohuo wa tatu, kwenye kipindi kilichorushwa Januari 1969, ndipo anapotokea Garth wa Izar, kapteni anayesifiwa kwa ushindi wake huko Axanar. Ushindi wenyewe hauonyeshwi. Unatajwa kwa maneno machache tu, kisha hadithi inasonga mbele. Miaka 45 baadaye mashabiki waliyachukua maneno hayo machache wakayajengea vita nzima. Kwa hiyo shabiki anaposema kwamba mkono wake umo katika ulimwengu huu, hadai hewa. Bila zile barua, huenda Garth asingekuwepo kabisa.

Ila kuokoa tamthilia hakukupi umiliki wake. Kampuni nazo zilikuwa na hoja nzito. Mtu anayeandika hadithi usiku na kuwapa wasomaji bure ni jambo moja. Mradi unaokusanya zaidi ya dola milioni 1 kwa kutumia jina la Star Trek, unaokodi jengo na kulifanya studio na unaoajiri waigizaji wa kulipwa ni jambo jingine. Pale filamu haikuuzwa, ndiyo, lakini pesa zilipita mikononi mwa watu. Na kampuni inayouza leseni za mchezo, riwaya na mavazi ina haki ya kuuliza: nani atalipia leseni ikiwa mwingine anafanya yaleyale bila kulipa?

Utetezi mkuu wa mashabiki ulikuwa kanuni ya sheria ya Marekani inayoruhusu mtu kutumia kazi ya mwingine bila ruhusa pale matumizi yanapokuwa ya haki. Mahakama hupima mambo manne: lengo na sura ya matumizi, aina ya kazi iliyotumiwa, kiasi kilichochukuliwa, na athari kwa soko la mwenye kazi. Januari 2017 Jaji R. Gary Klausner aliyapima yote manne, na yote yakaelemea upande wa kampuni. Akaamua kwamba utetezi huo hauwezi kutumika, na suala lililobaki kuhusu kufanana kwa kazi hizo akaliacha liamuliwe na jopo la raia.

Sehemu iliyonigusa zaidi ni namna alivyolipima jambo la kwanza. Sheria hutazama kama kazi mpya imeibadilisha ile ya zamani, imeipa maana au sura nyingine, kwa mfano kwa kuikejeli au kuikosoa. Waliotengeneza Axanar hawakutaka kukejeli chochote. Walijivunia kuwa waaminifu kwa historia rasmi ya ulimwengu ule hadi vitu vidogovidogo: masikio yaliyochongoka, umbo la meli, sare, majina. Miongoni mwa mashabiki hiyo ndiyo heshima kuu. Anayekosea rangi ya sare hukosolewa vikali. Mahakamani uaminifu huohuo ukawa ushahidi dhidi yao. Kadiri ulivyoipenda hadithi na kuifuata kwa makini, ndivyo ulivyoonekana umenakili.

Hapo ndipo ninapoona tofauti kubwa na hadithi za mashabiki zilizoandikwa kwa maneno. Wanaoandika Kirk na Spock, wahusika wakuu wa tamthilia ya awali, kama wapendanao, desturi iliyoanza tangu miaka ya 1970, wanaigeuza hadithi kutoka ndani. Wanamuuliza mwenye nayo jambo ambalo yeye hakuthubutu kulisema. Kwa kipimo cha jaji, hao wana hoja yenye nguvu zaidi kuliko waliotengeneza meli inayofanana kabisa na ile ya televisheni. Tena hawashiki pesa. Archive of Our Own, hifadhi kubwa ya hadithi hizo inayoendeshwa na mashabiki wenyewe, inakataza mtu kuitumia kuuza au kuchangisha kwa ajili ya kazi yake. Wengine huona katazo hilo ni ukali. Mimi naona ndilo ukuta unaowakinga.

Kama kampuni zingeishia kwenye pesa, ningekuwa upande wao moja kwa moja. Lakini Juni 2016, kesi ikiwa bado inaendelea, zilitoa masharti kwa filamu zote za mashabiki wa Star Trek. Hadithi moja isizidi dakika 15, au sehemu mbili zisizozidi dakika 30 kwa jumla, bila mwendelezo. Michango isizidi dola 50,000. Waigizaji na mafundi wawe wa ridhaa, wasilipwe, na asiwepo aliyewahi kufanya kazi kwenye tamthilia rasmi.

Kikomo cha michango nakielewa. Lakini dakika 15 zinalinda soko gani? Mashabiki wengine, wale wa Star Trek Continues, walikuwa wakitengeneza vipindi virefu vinavyoendeleza tamthilia ya awali, wakivitoa bure bila ugomvi na mtu. Walifunga kazi mwaka 2017 wakiwa na vipindi 11, vichache kuliko walivyokuwa wamepanga. Kosa la mradi mmoja likawafunga na wengine. Na mwendelezo ndio uhai wa hadithi ya aina hii: huwezi kumkuza mhusika kwa robo saa kisha ukakatazwa kumrudia.

Kesi iliisha kwa suluhu tarehe 20 Januari 2017, kabla jopo la raia halijaisikiliza. Prelude to Axanar iliruhusiwa kubaki YouTube bila matangazo ya biashara. Ile filamu ndefu iliyochangiwa ikawa vipande viwili, dakika 15 kila kimoja, bila ruhusa ya kuchangisha umma tena kwa ajili yake. Waliotoa pesa zao wakisubiri vita vya Axanar vya saa nzima na zaidi waliahidiwa nusu saa.