Mtambulishe mgeni rasmi kabla misuli haijapoa

Mwaka ule timu ya bohari ilikuwa imeshapasha misuli. Wanaume wanane wa kuvuta kamba, vifua mbele, fulana za njano, wanarukaruka pembeni ya uwanja kama hawana kesho. Mimi nilikuwa nimeshika kipaza sauti na karatasi mbili za wasifu wa mgeni rasmi, nilizotumiwa na katibu muhtasi wake usiku wa kuamkia bonanza. Nikazisoma zote. Shule ya msingi, sekondari, shahada ya kwanza, shahada ya pili, kozi ya uongozi ya wiki sita, bodi tatu alizokaa. Nilipofika kwenye "vilevile amewahi kuhudumu kama", nikainua macho. Wavuta kamba wanne walikuwa wameshakaa chini ya mwembe, mmoja kavua viatu. Mgeni mwenyewe alikuwa anachezea simu. Rafiki yangu wa uhasibu aliyekuwa anarekodi akanitajia muda baadaye, bila huruma: dakika saba na sekunde kumi.

Makosa yale yalikuwa yangu. Wasifu ule uliandikwa kwa ajili ya ukumbi wenye viti na viyoyozi, mimi nikaupeleka uwanjani saa tatu asubuhi, jua la Dar es Salaam likiwa limeanza kuuma. Mtu aliyepasha misuli akasimama dakika saba anapoa, na akishapoa inabidi aanze upya. Sasa hivi nikipewa kazi hiyo najiwekea dakika moja na nusu, basi. Kwa kasi ya kusema uwanjani, ambako lazima uvute maneno kidogo ili spika zisiyameze, mimi dakika moja inanitosha maneno kama 100. Kwa hiyo utambulisho mzima hauzidi maneno 150, na naandika pungufu ya hapo kwa sababu makofi nayo yanakula muda.

Watu huniambia ufupi ni kumkosea mgeni heshima, hasa akiwa mtu mkubwa. Sikubaliani nao. Heshima inakaa kwenye mambo mawili: kulitaja jina lake sawasawa na kukitaja cheo chake cha leo, siyo cha mwaka juzi wala unachodhani atakipata mwakani. Nimewahi kusikia Kaimu Mkurugenzi akiitwa Mkurugenzi mbele ya bosi aliyemkaimisha. Aliyemtambulisha alidhani anampamba. Uso wa yule kaimu ulivyobadilika, ungefikiri kafumaniwa.

Kwa hiyo siku mbili au tatu kabla ya bonanza napiga simu. Si kwa katibu muhtasi peke yake. Naomba dakika tano za mgeni mwenyewe. Namuuliza anapenda aitweje mbele ya watu, maana kuna mama asiyetaka kuitwa Mama akiwa kazini, na kuna mwingine ambaye usipomwita hivyo ataona umemfanya mtoto. Namuuliza cheo chake kinavyoandikwa. Halafu namuuliza swali ninalolitegemea kuliko yote: ulipokuwa shule ulikuwa unacheza nini? Watu wengi hapo hulegea. Sauti ya ofisini inaondoka, anaanza kucheka.

Mwaka uliofuata mgeni wetu alikuwa mkuu wa manunuzi wa mteja wetu mkubwa, mama wa makamo, anayesifika kwa ukali wa mikataba. Nilipomuuliza swali lile akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, mimi nilikuwa wa machungwa." Hakuwahi kuchaguliwa timu yoyote. Lakini timu ya shule ikienda kucheza, yeye ndiye aliyebeba kapu na kisu, na mapumziko yakifika kila mchezaji alipokea nusu chungwa kutoka mkononi mwake. Nikamwomba ruhusa ya kulisema uwanjani. Akakubali, ila akanionya nisiongeze chumvi.

Hiki ndicho nilichosema siku ile, jina tu nimelitoa:

"Ndugu zangu wa bohari, wa mauzo, wa uhasibu, na madereva wetu, sogeeni, kivuli kinatutosha wote. Nilimuuliza mgeni wetu shuleni alikuwa anacheza nini. Akaniambia, mwanangu, mimi nilikuwa wa machungwa. Timu ikienda kucheza, yeye anabeba kapu na kisu, na hakuna mchezaji aliyerudi kipindi cha pili bila kupitia mkononi mwake. Leo mizigo tunayobeba kila siku inaanzia mezani kwake, na madereva mnajua, hati zake hazijawahi kutulaza getini. Sasa wewe uliyekuja na kiti chako cha kukunja, unasema mimi si mtu wa mbio, leo huna pa kujificha: saa nne kuna mbio za ndimu na kijiko, na machungwa yapo, yanahitaji mkataji. Tusimame. Mkuu wa Manunuzi, mgeni wetu rasmi, Mama…"

Hapo jina, na makofi yakaanza kabla sijalimaliza.

Angalia jina limekaa wapi. Wengi huanza nalo, kisha wanarundika sifa, na wakifika mwisho hawana cha kuwasimamisha watu isipokuwa "basi naomba nimkaribishe". Makofi yanatoka nusunusu kwa sababu hakuna anayejua ni wakati gani hasa. Jina likiwa neno la mwisho, mikono inajua kazi yake. Na ukishalitaja, usirudi tena kwenye kipaza sauti na "karibu sana mheshimiwa, jisikie upo nyumbani". Kikabidhi, ondoka.

Lile la "sogeeni" nalo silisemi kwa ajili ya mapambo. Kwenye bonanza watu wametawanyika: wengine wako kwenye turubai, wengine wanafunga kamba za viatu, wengine wamejazana kwenye foleni ya supu. Ukianza kabla hawajasogea, unamtambulisha mgeni kwa meza kuu peke yake, ambayo tayari inamfahamu. Hesabu mpaka kumi ukiwa kimya, wanasogea. Kimya kinawashtua kuliko "haloo haloo, tusikilizane".

Kuhusu kutia moyo, hapa ndipo watambulishaji wengi wanapoiba chakula cha mgeni. Michezo ni afya, michezo hujenga umoja, michezo ni furaha: mgeni rasmi ana hotuba mfukoni, na ukurasa wake wa kwanza ndio huo huo. Ukiyamaliza wewe, atasimama arudie, au abaki anapekua karatasi akitafuta pa kuanzia. Mimi namwachia hayo. Ninalochukua ni sentensi moja tu, na inatoka ndani ya habari ya mgeni, inamlenga mtu anayeonekana pale uwanjani. Kwenye kila kampuni yupo mtu wa kiti cha kukunja. Ukimwambia ajitume, hakusikii. Ukimwambia mgeni rasmi mwenyewe alikuwa wa machungwa, anacheka, na mtu akicheka ni rahisi kumwinua.

Kwa sababu hiyohiyo simweki John Stephen Akhwari kwenye utambulisho. Najua anapendwa, na anastahili. Olimpiki ya Meksiko, 1968, mbio ndefu: anaumia goti, anaingia uwanjani limefungwa bandeji, anamaliza wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia aliyeshinda. Lakini ukimleta Akhwari kwa dakika moja, kisha ukamkaribisha meneja wa tawi, umemsimamisha meneja kwenye kivuli asichoweza kutoka. Mgeni akitaka kumtaja, amtaje yeye kwenye hotuba yake.

Maneno mengine nimeshayafuta kabisa. "Mgeni wetu hahitaji utambulisho" ni mojawapo, maana anayelisema huendelea kumtambulisha dakika tano. "Bila kupoteza muda" nalo lina mkosi wake. "Itifaki imezingatiwa" nalitumia, tena kwa furaha, kwa sababu linaniokoa kutaja meza kuu nzima, lakini nalisema mara moja tu, na nahakikisha kweli imezingatiwa. Nikiwa na kiongozi wa serikali mezani, kwa mfano Mkuu wa Wilaya, kazi ya kumkaribisha simnyang'anyi mwenyeji wangu. Mshereheshaji anamwita mkurugenzi wa kampuni, na mkurugenzi ndiye anayemkaribisha mgeni. Mimi hapo nabaki mwandishi wa kikaratasi. Nakiandika kwa herufi kubwa, upande mmoja wa kadi ngumu, kwa sababu upepo wa uwanjani hauna adabu.

Kuna jambo moja bado linanisumbua, nalo ni mwakilishi. Umemwalika mkubwa, kadi umeandika, asubuhi saa mbili unapigiwa simu: bosi kapata safari, anakuja fulani kwa niaba yake. Kosa la haraka ni kuomba radhi mbele ya watu, "tulimtarajia fulani lakini kwa bahati mbaya". Hiyo bahati mbaya ndiyo imekaa mbele yako inakusikiliza. Ninachofanya ni kumfuata garini akishuka, namuuliza jina, cheo, na swali langu la shuleni papo hapo tukitembea. Mara nyingi hatua hamsini zinatosha. Jukwaani nataja aliyemtuma mara moja, kwa cheo, kisha dakika iliyobaki yote ni ya huyu aliyefika. Mmoja aliniambia alikuwa mlinda mlango aliyefungwa mabao sita siku moja. Ilipofika zamu ya penalti za mgeni rasmi, uwanja mzima ulikuwa upande wake.

Si kila mgeni atakupa habari kama hiyo. Wapo wanaojibu "andika tu kwamba napenda michezo". Hao nawauliza wamewahi kufanya kazi gani na kampuni yetu, tukio gani wanalikumbuka. Nikikosa na hapo, nataja jina, cheo, na shukrani kwamba kaamka Jumamosi mapema kuja kwetu, nafunga. Sekunde thelathini zenye ukweli hazijawahi kunipa shida. Habari ya kubuni ndiyo iliyonipa, kwa sababu mgeni akisimama akairekebisha, huna pa kuweka uso.

Yule mama alipopokea kipaza sauti alizungumza dakika nne, karatasi ikiwa imekunjwa mkononi. Akapuliza filimbi ya kuvuta kamba, wauzaji wakaburutwa na bohari bila ubishi. Mapumziko ya mpira yalipofika akainuka meza kuu, akapandisha mikono ya gauni, akauliza machungwa yako wapi. Magunia mawili yalikuwepo, nimeyanunua mwenyewe Ijumaa jioni. Kisu ndicho sikukumbuka.