Punguza Pikseli Kwanza, Ubishi wa WebP Baadaye

Wapiga picha wa Dodoma tunabishana sana kama tovuti iwekwe JPEG au WebP, na huku tunapandisha picha kama zilivyotoka kwenye kamera. Kwa maoni yangu tunaanzia mwisho.

Kamera ya megapikseli 24 hutoa picha ya pikseli 6000 kwa 4000, na faili lake la JPEG linaweza kufika megabaiti 9. Mteja anaifungua kwenye daladala, kwa simu ambayo kioo chake kina upana wa pikseli 1080. Akiwa na intaneti ya megabiti 4 kwa sekunde, picha hiyo moja itamchukua sekunde 18, na bando ni lake. Ipunguze iwe 1200 kwa 800. Pikseli zimepungua mara 25, na kwenye simu ile ubora ni uleule. Ukisha kufanya hivyo, WebP nayo inapunguza uzito zaidi, lakini hatua kubwa umeshaipiga.

Mimi hutoa saizi tatu, upana wa 800, 1200 na 2000, kisha naziorodhesha kwenye `srcset` ili simu ichukue ndogo na kompyuta ichukue kubwa. Usisahau `sizes`. Usipoiandika, kivinjari kinadhani picha inajaza upana wote wa ukurasa, hivyo hata kijipicha cha galari kinaletewa faili kubwa.

Sasa ubora. Nilipiga ngoma ya muheme kule Chamwino, akina mama wa Kigogo wamevaa shanga nyekundu juu ya nguo nyeusi. Nikaigeuza kuwa WebP kwa ubora wa 80. Nyuso na vumbi vilitoka safi, ila shanga zilivujiana rangi, punje hazihesabiki tena. Kuongeza ubora hadi 95 hakukusaidia sana. Sababu ni kwamba WebP ya kawaida huhifadhi mwanga wa kila pikseli, lakini rangi huihifadhi mara moja kwa kila pikseli nne, na wekundu uliokolea ndio huumbuka kwanza. Tazama picha kwa asilimia 100 utaliona tatizo hilo. Dawa ya kwanza ni hii:

```
cwebp -q 80 -sharp_yuv -resize 1200 0 muheme.jpg -o muheme-1200.webp
```

Kabla ya hapo geuza picha iwe sRGB, kwa sababu `cwebp` usipoiagiza hutupa wasifu wa rangi, na picha ya Adobe RGB itaonekana imepauka.

Kwangu kingo zilikaa vizuri zaidi, ila bado sikuridhika. Picha hiyo moja nikairudisha kwenye JPEG inayotunza rangi ya kila pikseli:

```
magick muheme.jpg -resize 1200x -sampling-factor 4:4:4 -quality 85 muheme-1200.jpg
```

Faili likawa zito kuliko la WebP, lakini halikufika hata nusu megabaiti, na shanga zikarudi mojamoja. Picha nyingine zote za galari ile nimeziacha kwenye WebP.