Kijiko cha chia kavu, halafu maji? Mimi nakataa

Shangazi yangu hapa Arua alikuwa na mtindo wake: asubuhi anachota kijiko cha chia kavu, anakitia mdomoni, anakisukuma kwa maji. Muuzaji sokoni ndiye aliyemfundisha. Juzi nikamwomba kijiko hicho hicho, nikakimwaga kwenye nusu glasi ya maji, nikakoroga. Tulipomaliza chai niliinamisha glasi. Maji hayakumwagika. Ulijikokota ute mzito wenye vidoa vyeusi.

"Kumbe ni mlenda!" akasema.

Hakukosea sana. Ganda la nje la mbegu ya chia lina chembe zilizojaa ute mkavu, yaani minyororo mirefu ya sukari inayopenda maji, kama ule wa bamia. Maji yakiingia, chembe hizo zinapasuka na nyuzi laini zinachomoza pande zote huku zikiwa bado zimeshika ganda. Nyuzi hizo ndizo zinazonasa maji. Mbegu hunywa maji mara 10 hivi ya uzito wake, kwa hiyo kijiko cha mezani, karibu gramu 12, kinameza nusu glasi nzima.

Basi fikiria hayo yakitokea kwenye umio. Mwaka 2014 madaktari wa Marekani walieleza kisa cha mwanamume wa miaka 39 aliyemeza kijiko kimoja cha chia kavu kisha akanywa glasi ya maji. Mbegu zilivimba zikaziba umio, hata mate yake hakuweza kuyameza. Ilibidi waingize mpira mwembamba wenye kamera, wa saizi ya watoto wachanga, wazisukume kidogo kidogo hadi tumboni. Ni kweli kwamba tangu zamani chakula kilikuwa kikimkwama mara kwa mara. Lakini ni wangapi kati yetu wana shida hiyo na wameizoea tu?

Sisemi chia kavu ni sumu. Ukinyunyizia kidogo juu ya uji au maziwa ya mgando, ukatafuna, haina neno, maana inashuka imetawanyika ndani ya chakula chenye majimaji. Ubaya ni lile bonge kavu linalofuatwa na maji. Na likikwama, usiongeze maji ukidhani litashuka, utalivimbisha zaidi. Mtu akianza kutema mate kwa kushindwa kuyameza, apelekwe hospitali mara moja.

Sasa shangazi anatia kijiko kimoja kwenye glasi nzima ya maji. Anakoroga, anasubiri dakika 5, anakoroga tena, kwani hapo ndipo mbegu hushikana chini na katikati ya bonge kubaki kavu. Baada ya dakika 20 hivi anakunywa. Analalamika tu kwamba inateleza kama kamasi, na kwa hilo sina la kumtetea muuzaji wala chia yenyewe.